Mguu Juu, Gia Ndani: Mafuta Yanavyopotea Kati ya Mazeras na Likoni

Ukiipita Mazeras ukielekea Mombasa, barabara kuu ya kutoka Nairobi huanza kuinama kuelekea baharini. Magari yaliyokuwa yakikoroma tangu Mariakani hupata nafuu. Hapo ndipo mkono wa kushoto wa madereva wengi hufanya jambo lile lile: huitoa gia, huiweka nyutro, na gari huachwa lijishukie lenyewe hadi karibu na Miritini.

Ukiuliza sababu, jibu huja haraka. Ni kuokoa mafuta. Injini imepumzika, gari linakwenda bure.

Lakini gari lenyewe, likiwa na kioo cha kuonyesha ulaji wa mafuta, linasema vingine. Likiwa nyutro kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, gari dogo la petroli huonyesha namba kama 75 `km/L`. Ni namba nzuri kweli. Sasa mwambie dereva huyo airudishe gia ya tano, mguu uwe mbali na pedali ya mafuta. Papo hapo namba inaruka hadi 99.9 na kuganda. Magari mengine huandika vistari tu, na yale yanayohesabu kwa `L/100km` husoma 0.0.

Maana yake ni kwamba injini haipokei hata tone, ingawa bado inazunguka.

Bei ya mwezi, hesabu ya tajiri

Tangu Desemba 2010 bei ya juu ya mafuta nchini Kenya hupangwa na serikali. Leo kazi hiyo ni ya EPRA, inayotangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi. Mombasa hulipa pungufu kidogo kuliko Nairobi kwa sababu mafuta hushukia hapa, lakini unafuu huo ni wa shilingi chache tu. Oktoba 2023 lita ya petroli jijini Nairobi ilifika Sh217.36, na Pwani haikuwa mbali nyuma.

Kwa mwenye gari lake binafsi, kupanda kwa bei ni kero. Kwa dereva wa matatu au teksi ni mkate. Utaratibu uliozoeleka ni kwamba tajiri ana hesabu yake ya siku, haipungui, na mafuta hutoka kwenye makusanyo. Kinachobaki ndicho cha dereva na makanga. Lita mbili zisizochomwa hazimwendei tajiri. Zinabaki mfukoni mwa aliyeshika usukani.

Ndiyo maana ubishi wa nyutro na gia haujawahi kwisha vijiweni. Kilichobadilika ni kwamba sasa yupo shahidi ndani ya gari. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, kwa hiyo magari mengi yanayoshushwa bandarini kutoka Japani siku hizi huwa na kipimo cha ulaji wa papo kwa papo kwenye dashibodi. Shida ni kwamba wengi hawakiangalii, au wanakiangalia na kukisoma vibaya.

Namba mbili zenye kazi tofauti

Kikwazo cha kwanza ni maandishi. Gari lililotengenezewa soko la Japani mara nyingi huja na kioo chenye lugha ya huko. Dereva anabonyeza kitufe, anaona namba ikibadilika, hajui ni ya nini.

Yapo maandishi mawili ya kukariri kwa sura. 瞬間燃費 ni ulaji wa papo kwa papo, yaani gari linakula kiasi gani sekunde hii. 平均燃費 ni wastani tangu kipimo kilipoanzishwa upya. Asiyetaka kuhangaika na herufi atumie mguu: aachie pedali ya mafuta gari likiwa linatembea. Namba inayoruka ni ya papo kwa papo. Isiyoshtuka ni wastani.

Kosa la pili ni kuichukulia namba ya papo kwa papo kama alama za mtihani. Gari likiondoka steji, namba huanguka hadi 4 au 5 `km/L`, na dereva mgeni wa kipimo hushtuka na kuanza kuipapasa pedali kama anaogopa kuliamsha gari. Hakuna haja. Kuliondoa gari la tani nzima mahali liliposimama kunataka mafuta, na hakuna ujanja wa kulikwepa hilo. Namba mbaya ya sekunde 6 si neno. Namba mbaya ya wastani inayoganda kilomita baada ya kilomita ndiyo ya kuogopa.

Mwongozo wa uendeshaji unaosambazwa Japani kwenyewe unapendekeza gari lifike kilomita 20 kwa saa ndani ya sekunde 5 za kwanza. Huo ni mwondoko wa kawaida wa mtu asiye na pupa. Si kujikokota.

Sindano zinapofungwa

Kwa nini basi gia ishinde nyutro?

Injini ya kisasa hupuliziwa mafuta na sindano zinazoongozwa na kompyuta. Dereva akiinua mguu huku gari likiwa ndani ya gia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta inaona mambo mawili: pedali haijakanyagwa, na injini bado inazunguka kwa kasi ya kutosha. Inafunga sindano. Injini haizimiki kwa sababu barabara inaizungusha.

Ukiweka nyutro, kamba hiyo kati ya magurudumu na injini umeikata. Injini iliyoachwa peke yake ingezima, kwa hiyo kompyuta hulazimika kuilisha kidogo ili iendelee kunguruma. Gari dogo, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linaweza kutumia kama lita 0.8 kwa saa kwa mngurumo huo tu. Gawa kilomita 60 kwa 0.8, unapata ile 75 iliyoonekana kwenye kioo.

> Nyutro hula kidogo. Gia ndani na mguu juu haili kabisa.

Kufungwa huku kwa sindano kuna masharti, na kioo huyaonyesha yote ukikitazama. Injini ikiwa bado baridi, kompyuta nyingi hazifungi. Ndiyo maana kilomita ya kwanza ya asubuhi namba haifiki kileleni hata ukiinua mguu. Pia mizunguko ikishuka sana, mara nyingi kwenye eneo la 1,000 hadi 1,500 kwa dakika, sindano hufunguliwa tena ili injini isizime. Utaijua dakika hiyo: namba inaporomoka ghafla, na mtu mwenye mguu mwepesi huhisi gari likisukumwa kidogo kutoka ndani, kana kwamba limekumbuka jambo.

Magari ya zamani yenye kabureta, pamoja na tuktuk na bodaboda nyingi za kabureta, hayamo kwenye habari hii. Kabureta ya kawaida haijui kufunga. Injini ikivuta hewa, petroli huifuata.

Hoja ya nyutro si ya kipuuzi

Haki itendeke kwa upande wa pili. Gari lililo ndani ya gia hushikwa na injini, linapunguza mwendo. Kama mteremko ni wa taratibu, dereva aliyeinua mguu ataona kasi ikishuka kutoka 60 hadi 45, kisha atalazimika kukanyaga tena. Mwenzake wa nyutro bado anatiririka. Kwenye mteremko wa namna hiyo, dereva wa nyutro huweza kufika chini akiwa ametumia mafuta kidogo zaidi.

Hesabu yenyewe lakini inanyong'onyeza. Mteremko wa kilomita 3 kwa kasi ya 60 unachukua dakika 3. Kwa lita 0.8 kwa saa, nyutro imekula mililita 40. Petroli ikihesabiwa Sh180 kwa lita, hiyo ni takriban Sh7. Wanaogombana vijiweni wanagombania shilingi saba, ziwe za upande huu au ule.

Kwa shilingi saba hizo, dereva wa nyutro ametoa breki ya injini. Kwa gari dogo hilo linaweza kuvumilika. Kwa lori lililojaa mzigo ni jambo jingine kabisa: breki peke yake ndiyo inayoshikilia uzito wote, inapata moto, na breki iliyopata moto hukanyagwa bila kuitika. Wapo pia wanaozima injini kabisa. Hao hupoteza busta ya breki baada ya kukanyaga mara moja au mbili, na usukani unakuwa mzito mikononi. Gari la gia otomatiki nalo halifai kusukumwa kwenye `N` njiani. Liache kwenye `D`, inua mguu, na kompyuta itafunga sindano yenyewe.

Makala haya hayana sababu ya kuuma maneno hapa: mteremko ukiwa mkali, gia ndani. Ukiwa wa taratibu, gia ya juu kabisa na mguu unaoigusa pedali kidogo tu. Namba kwenye kioo itakaa kwenye 30 na zaidi, na gari litabaki kuwa la dereva.

Matuta ya Kisauni

Fedha halisi haziko Mazeras. Ziko kwenye matuta.

Kwa anayeendesha matatu kati ya Kongowea, Mlaleo, Mtopanga na Kiembeni, safari ni mfululizo wa kukimbia na kusimama. Steji, tuta, tuktuk iliyokata kona, tuta tena. Mtindo uliozoeleka ni kukanyaga mafuta hadi tuta liwe puani, kisha kukanyaga breki. Kila mara, mafuta yaliyolisukuma gari mita za mwisho yamegeuzwa kuwa joto kwenye gurudumu.

Chukua gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, njia yenye matuta 30. Dereva wa kwanza huinua mguu mita 40 kabla ya tuta. Wa pili huinua mita 140 kabla, gia ikiwa ndani, na breki anaigusa mwishoni tu. Tofauti yao ni mita 100 zilizosafiriwa sindano zikiwa zimefungwa. Mita 100 kwa gari hilo ni mililita 10. Kwa matuta 30 ni mililita 300, na kwa safari 8 za siku ni lita 2.4. Kwa bei ya Sh180, hiyo ni Sh432.

Ni hesabu ya karatasi, bila shaka. Njia haiwi tupu kiasi hicho, na kuna matuta utakayoyafikia nyuma ya mkokoteni, umeshapunguza mwendo. Ukipata hata nusu yake, bado ni zaidi ya lita moja kwa siku ambayo haikuhitaji kifaa wala fundi.

> Lita mbili zisizochomwa hazimwendei tajiri.

Namna ya kujifunza ni kutumia kioo kama mwalimu wa macho. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, gia ya nne, inua mguu tuta likionekana. Namba itapanda kileleni. Itazame ikikaa pale. Kasi ikikaribia 30, itaporomoka, ishara kwamba sindano zimefunguliwa. Kama tuta bado liko mbali, uliinua mapema mno. Kama limeshafika na unalazimika kukanyaga breki kwa nguvu, umechelewa. Baada ya siku chache dereva huwa na alama zake njiani, duka hili au mwembe ule, na hahitaji tena kuitazama namba. Ni bora hivyo, maana macho yanayokaa kwenye dashibodi Kongowea yatamkosa mtoto anayevuka.

Kushusha gia moja baada ya nyingine ili kuzuia sindano zisifunguke ni kazi ya bure. Klachi ni ghali kuliko matone hayo, na pedi za breki ni rahisi kuliko klachi.

Kipingamizi kikubwa cha mtindo huu si cha kiufundi. Matatu hugombania abiria. Anayeinua mguu mita 140 kabla ya tuta hupitwa, na aliyempita ndiye anayewakuta abiria wa steji inayofuata. Madereva huisema hoja hii wazi na ni ya kweli. Saa za asubuhi na jioni, abiria mmoja wa ziada hulipa kuliko matuta kumi yaliyofikiwa kwa utulivu. Faida ya mguu mwepesi huonekana zaidi mchana, gari likirudi nusu tupu, na kwa teksi, magari ya kampuni na ya nyumbani yasiyoshindana na mtu.

Kishale na mlima wa Changamwe

Kwenye magari ya gia za mkono kuna mshauri mwingine: kishale kidogo kinachoelekeza juu au chini, pengine na namba ya gia kando yake. Volkswagen ilikuwa na taa ya aina hiyo kwenye baadhi ya magari yake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Umoja wa Ulaya uliagiza kiwepo kwenye magari ya abiria ya gia za mkono, kwa aina mpya kuanzia Novemba 2012 na kwa kila gari jipya kuanzia Novemba 2014.

Kishale hutazama mizunguko ya injini, kasi ya gari na jinsi pedali ilivyokanyagwa, kisha hukisia gia ambayo injini itafanya kazi hiyo hiyo kwa mafuta machache. Kwa kawaida hutaka upandishe mapema kuliko mazoea, karibu na mizunguko 2,000 kwa dizeli na 2,500 kwa petroli. Sababu yake ni rahisi. Injini ya petroli ikizunguka haraka huku mlango wake wa hewa ukiwa umefungwa nusu, hupoteza nguvu kwa kupigania pumzi. Gia ya juu huipunguza mizunguko na kuufungua mlango huo.

Asiyeamini apime. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini hadi kwenye barabara ya Likoni kwenda Lunga Lunga, ina sehemu tambarare za kutosha. Shika kilomita 50 kwa saa kwa gia ya tatu, soma namba. Weka ya nne kwa kasi ile ile, soma tena. Kisha ya tano. Gari likiwa halijazidiwa mzigo, namba ya `km/L` itapanda kila mara.

Tatizo la kishale ni kwamba hakioni mbele. Kutoka Makupa ukipanda kuelekea Changamwe, gari likiwa na abiria wote na magunia mawili nyuma, kishale kinaweza kukuomba gia ya nne kabla mlima haujakukamata vizuri. Ukikitii, injini inaanza kugonga. Gari linatetemeka, unakanyaga pedali halijibu, na namba ya ulaji inashuka badala ya kupanda. Ishara hizo tatu zikija pamoja, kishale kimekosea. Rudisha gia ya tatu na usingoje ruhusa yake.

Hapa mafundi wana hoja yao. Wanalalamika kwamba kuburuza dizeli kwa mizunguko ya chini kila siku hujaza masizi. Wako sahihi kwa gari linaloburuzwa kweli, lile linalotetemeka na kugonga. Hawako sahihi wanapopendekeza injini ipigishwe kelele hadi 3,500 kila gia ili isafishike.

Mwenye otomatiki hana kishale, lakini ana njia yake. Gari likishafika kasi anayoitaka, alegeze mguu kidogo, na giaboksi itapanda yenyewe mapema.

Foleni ya feri

Likoni ndiko kipimo kinakosa la kusema. Gari likisimama, `km/L` ni sifuri, na magari mengine hubadilisha kioo na kuonyesha lita kwa saa. Hakuna gia wala mteremko wa kukusaidia. Dakika 40 za mngurumo na kiyoyozi, kwa ile lita 0.8 kwa saa, ni zaidi kidogo ya nusu lita: Sh96 zilizochomwa bila gari kwenda popote.

Dawa ni ufunguo. Magari yakisimama kwa zaidi ya dakika moja hivi, zima. Kuwasha injini yenye joto hakuli mafuta zaidi ya sekunde chache za kunguruma. Ila betri dhaifu itakuaibisha mbele ya foleni nzima. Na foleni ikianza kuteremka kuelekea feri, injini iwe imewaka na gia ya kwanza iwe ndani.

Kipime kioo chenyewe

Kioo nacho hakiaminiki kwa asilimia mia. Namba ya wastani ni makisio ya kompyuta kutokana na muda ambao sindano zilifunguliwa, na mara nyingi hujisifu kwa asilimia kadhaa. Mizani ya kweli ni pampu. Jaza tangi hadi bomba likate, andika kilomita zilizosomeka, endesha kama kawaida, kisha jaza tena kwenye pampu ile ile hadi ikate. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza.

Fanya hivyo kwa tangi moja la mtindo wako wa zamani na tangi moja la mguu juu, kwenye njia ile ile na kwa mzigo unaofanana. Makadirio ya kawaida kwa madereva waliobadili uendeshaji ni kuokoa kati ya asilimia 5 na 10. Ukiona chini ya hapo, kagua upepo wa magurudumu kabla ya kulaumu mguu. Ukiambiwa dukani kwamba kuna kifaa cha kuchomeka kwenye dashibodi kitakachokupa asilimia 30, weka pesa yako mfukoni.

EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14. Jaza tangi la kwanza siku hiyo, weka risiti, na mwezi ukiisha utakuwa na hesabu yako mwenyewe ya kupeleka kijiweni.